Jino la Hekima Lililokwama: Kung'oa au Kuliacha, na Namna ya Kutofautisha Maumivu ya Kupona na Tundu Kavu

Katika kliniki za meno hapa Nairobi kuna swali lisilokosa hata siku moja: "Daktari, hili jino la hekima niling'oe au niliache?" Anayeuliza huwa ameshajibiwa na watu wengine kabla hajafika. Jirani amemwambia ang'oe yote manne mara moja, muuzaji wa duka la dawa amempa vidonge akamwambia litatulia, na shemeji aliyevimba wiki nzima amemwapia kwamba bora kufa na jino mdomoni. Majibu hayo yanagongana kwa sababu kila mmoja anasimulia jino lake.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno. Sing'oi, lakini ndiye ninayeshika mrija wa kufyonza mate, na ndiye ninayepokea simu siku ya tatu na ya nne mtu anapoanza kuwa na wasiwasi. Kwa hiyo nitalinganisha wagonjwa wawili ambao majino yao yalikwama, mmoja akang'olewa na mwingine akaambiwa aliache, halafu nimfuate yule aliyeng'olewa hadi pale maumivu yalipomrudia.

Jino lenyewe limekwama vipi

Jino la hekima ni gego la tatu, la mwisho kabisa nyuma, na kwa kawaida huota mtu akiwa na miaka 17 hadi 25. Likikuta taya halina nafasi, linakwama. La chini mara nyingi huinamia mbele na kukisukumiza kichwa chake kwenye gego la pili. Mengine hulala kabisa, mengine husimama wima lakini nusu yake ikabaki chini ya ufizi, na machache huinamia nyuma kuelekea sikio. Haya ya mwisho kwenye picha huonekana hayana neno, kumbe kwa taya la chini ndiyo humtoa daktari jasho.

Watu wengi hutazama mlalo wa jino na kuogopa lile lililolala zaidi. Mimi ningewaambia watazame kwanza jambo jingine: je, jino limechungulia mdomoni au limezikwa lote? Lililozikwa lote ndani ya mfupa, bila njia yoyote ya kufikiwa na mate na chakula, linaweza kukaa humo miaka mingi bila kumsumbua mwenyewe. Linaloleta taabu zaidi ni lile lililochungulia nusu. Juu yake kunabaki kipande cha ufizi kama kifuniko, na chini ya kifuniko hicho kuna uwazi ambao mswaki haufiki. Punje ya githeri ikiingia humo haitoki. Bakteria wanazaliana, ufizi unavimba, na gego la juu linaanza kuuuma huo uvimbe kila mtu anapofunga mdomo, hivyo unavimba zaidi.

Wagonjwa wawili, maamuzi mawili

Wa kwanza ni dada wa miaka 24, muuzaji wa nguo Eastleigh. Jino lake la kushoto chini lilikuwa limechungulia upande mmoja tu. Mara ya kwanza ufizi ulipovimba, alinunua antibiotiki dukani, maumivu yakaisha, akasahau. Baada ya miezi kadhaa yakarudi, na safari hii alikuwa hawezi kufungua mdomo. Mtu mzima mwenye taya zima kwa kawaida huweza kusimamisha vidole vyake vitatu kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Yeye kiliingia kimoja kwa shida.

Daktari hakumng'oa siku hiyo. Alisafisha chini ya kile kifuniko kwa bomba la sindano lenye maji ya chumvi mpaka mabaki ya chakula yakatoka, na kwa kuwa taya lilikuwa limekaza na alikuwa na homa, akamwandikia dawa za siku chache. Kama pangekuwa na uvimbe mdogo tu wa ufizi, bila homa wala taya kukaza, kusafisha na dawa ya maumivu vingetosha. Antibiotiki peke yake hupunguza moto lakini uwazi unabaki palepale, ndiyo maana vidonge vya dukani vilimpa nafuu ya muda tu.

Uvimbe ulipotulia akapigwa picha ya taya zima, ile inayoandikwa OPG kwenye fomu. Jino lilikuwa limeinamia mbele, na pale kichwa chake kilipogusa gego la pili palikuwa na kivuli kidogo. Gego la pili lilikuwa limeanza kuoza mgongoni, mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona wala kupafikia. Kwangu mimi kivuli hicho kilikuwa na uzito kuliko maumivu yote aliyosimulia. Jino la hekima ukilipoteza hulikosi, lakini gego la pili ndilo linalosaga ugali na nyama kila siku.

Wa pili ni mzee wa miaka 56 aliyekuja kutafuta meno ya bandia ya mbele. Picha yake ilionyesha gego la tatu limelala kifudifudi ndani ya mfupa, lote limefunikwa, na mizizi yake imepita juu ya mfereji wa neva ya taya la chini. Hakuwahi kuumwa nalo. Hakujua hata kama lipo. Ana kisukari ambacho siku zingine kinapanda.

"Kwa hivyo lazima litoke, daktari?"

"Mzee wangu, hili tutaliacha lilale."

"Na likiniamkia nikiwa ushago?"

"Likikuamkia utakuja. Lakini halina mlango wa kuingiza uchafu, na kulifuata huko chini nitalazimika kuchimba mfupa karibu na neva inayokupa hisia za mdomo. Tutalipiga picha tena, tuone kama kuna kitu kinachobadilika kando yake."

Daktari alikuwa akipima mambo mawili. La kwanza ni neva. Inapita ndani ya taya la chini na kutokea kwenye kidevu, na ikiguswa mtu anaweza kubaki na ganzi ya mdomo wa chini na kidevu upande ule. Ganzi ya muda si ajabu, huisha kwa wiki au miezi. Ile isiyoisha humpata chini ya mtu mmoja kati ya 100, lakini kiwango hicho hupanda pale picha inapoonyesha mzizi umelala juu ya mfereji, kwa mfano mzizi ukionekana mweusi pale unapoukata mfereji, au ukuta mweupe wa mfereji ukikatika ghafla. La pili ni umri. Kijana ana mfupa laini kidogo na mizizi ambayo pengine haijamaliza kukua. Mtu aliyevuka miaka 50 ana mfupa mgumu, na hupona polepole zaidi.

Hata wataalamu hawaafikiani kabisa juu ya jino lililokwama ambalo halijasumbua. Uingereza, taasisi ya NICE ilitoa mwongozo mwaka 2000 ukisema majino ya hekima yasiyo na ugonjwa yasing'olewe kwa tahadhari tu. Kwa mwongozo huo, kuvimba kwa ufizi mara ya kwanza si sababu ya upasuaji isipokuwa kuwe kukali sana. Mara ya pili ndipo kung'oa kunafikiriwa. Marekani, madaktari wengi wa upasuaji wa kinywa huelekea kuyatoa mapema. Mimi nipo karibu na Waingereza, ila kwa jambo moja: jino lililochungulia nusu na kuinamia gego la pili lisiachwe hivihivi bila kupigwa picha mara kwa mara, kwa sababu uozo wa mgongo wa gego la pili hauumi mpaka umeshaingia ndani.

Sababu nyingine zinazokubalika za kung'oa ni jino lenyewe kuoza kiasi cha kutozibika, jipu linalorudi, uvimbe wa maji unaokua kuzunguka kichwa cha jino ndani ya mfupa, au mzizi wa jirani kuanza kulika. Sababu ya "linasukuma meno yangu ya mbele yapindane" haina nguvu. Meno ya mbele hubanana kadiri umri unavyokwenda hata kwa watu ambao hawakuwahi kuota jino la hekima, kwa hiyo usikubali kuchanjwa kwa ajili hiyo pekee.

Kuna pia njia ya katikati ambayo wengi hawaisikii: kukata kichwa cha jino na kuacha mizizi mahali pake, pale mizizi inapoikumbatia neva. Inapunguza hatari ya ganzi, ingawa mizizi iliyoachwa mara nyingine husogea na kuhitaji kutolewa baadaye. Jino lililooza hadi ndani au lenye jipu halifai njia hii. Kama yule mzee angekuwa na maumivu, huenda mazungumzo yangeelekea huko.

Wapi, na kwa ganzi gani

Jino lililosimama na kutokeza lote linaweza kung'olewa kwenye kliniki ya kawaida. Linalohitaji kuchanja ufizi na kukata mfupa linahitaji daktari wa meno aliyezoea kazi hiyo, na lililo karibu na neva linafaa kwenda kwa mpasuaji wa kinywa na taya. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyo Barabara ya Argwings Kodhek huhudumia umma na kufundisha wanafunzi chini ya usimamizi, kwa hiyo panga muda. Popote uendapo, jina la daktari linaweza kutafutwa mtandaoni kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno nchini, kabla hujakaa kwenye kiti.

Ukiambiwa bei, uliza ni bei ya nini. Picha imo? Nyuzi zimo? Na ukirudi siku ya nne ukiwa na maumivu, utalipa upya? Hilo la tatu watu hulisahau, na ndilo linalowafanya wengine wakae nyumbani wakivumilia jambo ambalo daktari angelituliza kwa dakika chache.

Wengi hufanyiwa kwa sindano ya ganzi tu, wakiwa macho. Kulazwa usingizi hospitalini kunawafaa wenye majino kadhaa magumu kwa wakati mmoja au wenye hofu kubwa mno, lakini kunaongeza gharama, kufunga kula, na mtu wa kukusindikiza nyumbani. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za kuimarisha mifupa, au una ujauzito, sema mapema.

Yule dada alichagua ganzi ya sindano. Daktari alichanja ufizi, akaukunja kando, akaondoa mfupa kidogo kwa mashine huku nikimwagia maji ya chumvi ili mfupa usipate joto, akalikata jino vipande viwili, akatoa kichwa kwanza na mizizi baadaye. Jino lililoinama halitoki zima bila kukwaruza jirani yake. Akasafisha tundu, akashona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Utasikia kusukumwa na kuvutwa na kelele za mashine. Ukisikia ukali wa maumivu, inua mkono wa kushoto, sindano iongezwe.

Kupona kwa kawaida

Uponaji wote unategemea kitu kimoja ambacho wagonjwa hukiona kama uchafu: donge la damu lililojaa ndani ya tundu. Hilo ndilo linalofunika mfupa na ncha za neva, na ndani yake nyama mpya huanza kuota. Karibu masharti yote unayopewa ni ya kulilinda donge hilo.

Siku ya kwanza unauma kitambaa cha shashi kwa nusu saa hadi saa nzima bila kuchungulia. Mate yenye rangi ya damu ni ya kawaida hadi siku inayofuata. Damu ikizidi, kunja shashi safi, uma tena kwa nguvu nusu saa ukiwa umekaa wima. Mfuko wa majani ya chai uliolowekwa na kukamuliwa unasaidia pia. Usisukutue siku hiyo, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Kufyonza na kutema ndiko kunakoling'oa donge. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 20 shavuni kisha upumzike, inasaidia saa hizo za mwanzo.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, tatizo la figo, pumu inayochokozwa na dawa hizo, wala ujauzito, hupewa kwa kawaida ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula, na parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24. Ni vizuri kumeza ya kwanza kabla ganzi haijaisha. Anayesubiri mpaka ateseke huhangaika kuyafukuza maumivu usiku kucha.

Uvimbe ndio unaowatisha watu bure. Hauko kileleni siku ya kwanza. Unafika kilele siku ya pili au ya tatu, halafu unashuka. Kwa hiyo ukiamka kesho yake shavu limekuwa kubwa kuliko jana, hiyo bado ni ratiba ya kawaida. Taya kukaza kunaweza kuendelea wiki moja hadi mbili. Shavu linaweza kupata rangi ya manjano au ya zambarau.

Kuanzia siku ya pili unasukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe, hasa baada ya kula. Yaache yazunguke na kumwagika yenyewe kwenye sinki. Kula uji uliopoa, mala, viazi vilivyopondwa, mayai, ndizi. Karanga, bisi na wali wenye punje kavu vinangoja. Sigara haifai kwa siku tatu za kwanza angalau, na wiki nzima ni bora. Shisha inahesabiwa humohumo: ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini kinywa hakijui sheria. Kwa wanaotafuna miraa au muguka, sahau hilo fundo la shavuni mpaka ufizi ufunge. Majani yake huingia tunduni, na kutafuna saa nyingi kunachokoza kidonda.

Ndani ya tundu, donge jekundu lililoiva hugeuka baada ya siku chache likawa na utando mweupe au wa manjano hafifu. Nimepokea simu nyingi za "usaha" ambao haukuwa usaha. Utando huo laini, usiotiririka na usioandamana na maumivu yanayozidi, ni nyama mpya. Usiukwangue kwa kijiti wala kwa pamba ya masikio.

Maumivu yaliyorudi

Dada wetu alikwenda vizuri. Siku ya pili alivimba, siku ya tatu alikuwa anakula viazi na kupunguza dawa. Usiku wa kuamkia siku ya nne akaamshwa na maumivu. Asubuhi akapiga simu.

"Yanaumiza palepale jino lilipotoka?"

"Hapo, halafu yanapanda mpaka sikioni. Mpaka kwenye kipaji. Nimemeza dawa zote mbili na sijapata usingizi."

"Shavu limevimba kuliko jana?"

"La, limepungua. Lakini nahisi ladha mbaya mdomoni, na mume wangu anasema nanuka."

Kwa maneno hayo ningekuwa tayari kukisia, kabla hata hajafungua mdomo, kwamba ni tundu kavu, lile wengi wanaloliita drai soketi. Kilichompata ni kwamba donge la damu lilivunjika au kuyeyuka kabla nyama haijaota, na mfupa ukabaki wazi kwa hewa, chakula na mate. Si ugonjwa wa usaha; kwa kawaida hauleti homa wala uvimbe mpya. Ni mfupa ulio uchi.

Ishara kubwa ya kutofautisha si ukali wa maumivu, ni mwelekeo wake. Maumivu ya kupona hushuka, hata kama polepole. Tundu kavu humpa mtu nafuu kwanza kisha likageuka, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya tano.

| Unachoangalia | Kupona kwa kawaida | Tundu kavu | Maambukizi |
|---|---|---|---|
| Maumivu | Makali siku 1 hadi 2, kisha hushuka | Hurudi au kuzidi baada ya nafuu, yakipanda sikioni | Yanazidi pamoja na uvimbe |
| Dawa za maumivu | Zinatosha | Hazifui dafu | Zinasaidia kidogo |
| Uvimbe | Kilele siku 2 hadi 3, kisha hushuka | Hakuna mpya | Unakua baada ya siku ya 3, una joto |
| Tundu | Donge jekundu, kisha utando laini mweupe | Tupu, mfupa wa kijivu au mweupe unaonekana | Usaha unatoka |
| Homa | Hakuna, au joto kidogo siku ya kwanza | Hakuna | Mara nyingi ipo |
| Harufu | Kidogo | Mbaya, na ladha mbaya | Mbaya |

Unaweza kujiangalia kwenye kioo kwa tochi ya simu, lakini kwa gego la mwisho hutaona sana, na nyuzi zinaweza kuficha. Usitie kidole kutafuta mfupa. Maumivu yaliyogeuka siku ya tatu au ya nne na kupanda sikioni yanatosha kukufanya urudi kwa daktari, uone mfupa usione.

Katika kung'oa meno ya kawaida, tundu kavu huwapata watu wapatao 2 hadi 5 kati ya 100. Kwa majino ya hekima ya chini yaliyokwama ni wengi zaidi, na kuna tafiti zilizofikia 30 kati ya 100. Wavutaji wamo hatarini kuliko wengine. Wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni wamo pia, kwa sababu homoni hiyo husaidia donge kuyeyuka mapema. Kuvimba kwa ufizi kabla ya upasuaji na ugumu wa upasuaji wenyewe vinaongeza. Dada huyu havuti na hakunywa soda kwa mrija. Alikuwa anatumia vidonge, ufizi wake ulivimba mara mbili, na jino lilikatwa vipande. Nayasema haya kwa sababu watu huja wakiwa wamejilaumu, au wakiwa tayari kumshtaki daktari, na mara nyingi hakuna aliyekosea.

Matibabu yake

Alikuja asubuhi ileile. Daktari aliosha tundu kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, chakula kilichojificha kikatoka, kisha akaweka ndani kipande cha dawa chenye yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, hizihizi za Unguja na Pemba. Alipofika stendi ya matatu alinitumia ujumbe kwamba ameanza kusinzia. Nafuu ya namna hiyo, ndani ya dakika chache hadi saa moja, ni ya kawaida. Alirudi baada ya siku mbili kuoshwa na kubadilishiwa dawa. Mengi ya matundu haya hutulia ndani ya siku 7 hadi 10.

Uliza kama ulichowekewa ni cha kurudi kutolewa au huondoka chenyewe. Kitambaa kilichosahaulika tunduni huleta shida mpya. Na usijimiminie mafuta ya karafuu ya sokoni kwenye kidonda. Yale ya daktari ni kipimo kidogo ndani ya kibebeo, wakati mafuta mabichi yanaunguza ufizi na nyama inayojaribu kuota. Antibiotiki za dukani nazo hazifuniki mfupa. Zina kazi pale tu daktari anapoona maambukizi.

Mambo mengine hayasubiri asubuhi wala miadi. Damu inayotiririka licha ya kuuma shashi kwa nguvu mara mbili. Uvimbe unaoshuka chini ya taya na kidevu, ulimi kuinuliwa, kushindwa kumeza mate yako mwenyewe, sauti kubadilika, pumzi kuwa nzito. Hapo unakwenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, ya Kenyatta au nyingine yoyote, hata saa nane za usiku, kwa sababu maambukizi ya sakafu ya mdomo yanaweza kuziba njia ya hewa kwa saa chache. Ganzi ya mdomo wa chini isiyoisha siku ya pili si dharura ya usiku, lakini mpigie daktari asubuhi aiandike na kuipima.

Dada alipokuja mara ya mwisho vidole vitatu viliingia tena, na gego la pili likazibwa kwa kuwa sasa mashine iliweza kulifikia. Alikuwa na jino jingine la hekima upande wa kulia chini, na mama yake alikuwa amemshauri alitoe nalo palepale. Lile limesimama wima, limetokeza lote, linakutana na mwenzake wa juu, na mswaki unafika nyuma yake. Daktari alimwambia aliache. Kama siku moja litalazimika kutoka, akumbushe kwamba aliwahi kupata tundu kavu, na upasuaji upangwe katika zile siku za mwezi ambazo hamezi vidonge vyenye homoni.